Kuruka Hadi Uchoke Si Mazoezi ya Kuruka

Ukipita ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, alfajiri, utakuta vijana wa mpira wakiruka mchangani. Wanaruka kwa miguu miwili, kwa mguu mmoja, magoti hadi kifuani, huku mwenzao mkubwa akihesabu. Hesabu ikifika mia wanakimbia hadi mwisho wa ufukwe, wanarudi, wanaanza upya. Wakimaliza miguu inatetemeka, na kila mmoja anaondoka ameridhika kwamba leo amefanya kazi.

Kazi wamefanya, ila ni kazi ya pumzi. Mchezaji anayetaka kumwacha beki katika hatua tatu za kwanza, kupaa kwenye kona na kumaliza msimu bila kuchanika nyama za paja anahitaji kitu kingine kabisa: marudio machache, nguvu zote katika kila rudio, na mapumziko marefu katikati. Anayeruka akiwa amechoka anaruka chini na anakaa ardhini muda mrefu, kwa hiyo anachokizoesha mwili wake ni kuruka chini na taratibu.

Hili linamgusa hasa mchezaji wa nusu kulipwa. Klabu inampa posho, lakini unga wa nyumbani unatoka kwenye kazi ya mchana. Anafanya mazoezi na timu jioni mara tatu au nne kwa wiki, timu haina mwalimu wa viungo, na muda wake mwenyewe hauzidi vipindi viwili vya dakika arobaini na tano. Swali lake ni nini cha kuweka ndani ya vipindi hivyo.

Sehemu ya kumi ya sekunde

Mtu anapokimbia kwa kasi yake ya juu kabisa, unyayo hukaa ardhini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya muda huo mguu mmoja unaisukuma ardhi kwa nguvu inayofika mara mbili ya uzito wa mwili na zaidi. Kwa hiyo kasi ina mambo mawili: una nguvu kiasi gani, na unaweza kuitoa upesi kiasi gani. Jambo la kwanza linajengwa na vyuma vizito. La pili linajengwa na kuruka na kutimka.

Uhusiano wa nguvu na kasi si wa kubahatisha. Mwaka 2004 watafiti wa Norwe walichapisha vipimo vya wachezaji 17 wa kiwango cha kimataifa. Waliokuwa na uwezo wa kuchuchumaa na chuma kizito zaidi ndio pia waliokuwa wepesi katika mita 10 na mita 30, na ndio walioruka juu zaidi. Na kasi hiyo ndiyo inayozaa mabao: uchambuzi wa mabao ya ligi kuu ya Ujerumani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika asilimia 45 ya mabao, mfungaji alikuwa ametimka moja kwa moja kabla ya kufunga.

Kuna pia kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, kubwa kuliko zote ikiwa ile ya juu ya kisigino. Kano hufanya kazi kama mpira wa manati: ikivutwa kwa ghafla inarudisha nguvu bila msuli kulipia gharama yote. Lakini inarudisha vizuri ikiwa mguu umegusa ardhi na kuondoka upesi. Ukikawia, nguvu ile inapotea.

Chuma kwanza

Tuchukue mfano wa winga wa miaka 23, kilo 68, seremala mchana, ambaye hajawahi kufanya jimu kwa mpango. Ana wiki nane kabla ya ligi kuanza. Tunampa Jumatatu na Alhamisi.

Zoezi lake kubwa ni kuchuchumaa na chuma mabegani. Anasimama miguu ikiwa na upana wa mabega, anashuka mpaka mapaja yalale sambamba na sakafu, visigino havinyanyuki, kisha anapanda kwa kasi yote aliyonayo. Uzito unaofaa ni ule ambao akimaliza mara ya sita anajua angeweza kuongeza mbili tu. Kwa mtu kama yeye, kilo 50 ni mahali pazuri pa kuanzia. Wiki tatu za kwanza anafanya seti tatu za mara sita, na kila kipindi anachomaliza bila kuyumba anaongeza kilo mbili na nusu. Kuanzia wiki ya nne anahamia seti nne za mara tano, na wiki mbili za mwisho seti nne za mara nne. Kuna siku uzito utagoma, naye atabaki palepale. Hata hivyo, akifika wiki ya nane akiwa na kilo 80 mabegani, amepiga hatua kubwa.

La pili ni kuinama na chuma mikononi: magoti yamelegea kidogo, makalio yanarudi nyuma, mgongo umenyooka, chuma kinateremka karibu na mapaja hadi chini ya magoti, kisha anasimama. Zoezi hili linashughulika na makalio na nyuma ya paja, yaani injini ya kutimka. Seti tatu za mara sita zinatosha. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi na kupandisha kisigino, taratibu, kwa ajili ya kigimbi na kano yake.

Kinachowashinda vijana wengi ni kupumzika. Kati ya seti na seti za uzito huu panahitajika dakika mbili hadi tatu. Winga wetu atajiona mvivu, hasa jirani yake wa jimu akipiga marudio ishirini mfululizo hadi misuli iwake. Jirani anajenga umbo, naye anatafuta nguvu. Kwa mtu anayekimbia na timu mara nne kwa wiki, marudio machache mazito hayaongezi mwili wa kumchelewesha. Ule usemi wa viwanjani kwamba chuma kinamfanya mchezaji awe mzito unatokana na kuiga programu za watunisha misuli.

Asiyekuwa na jimu asikate tamaa. Mguu wa nyuma auweke juu ya benchi, akumbatie mfuko wa mchanga wa kilo 20 au 30 kifuani, ashuke na kupanda kwa mguu wa mbele, mara sita kila upande. Uzito ni mdogo, ila mguu unaoubeba ni mmoja.

Kutua kabla ya kupaa

Kuruka kunakuja mwanzoni mwa kipindi, baada ya kupasha misuli, kabla ya kugusa chuma. Wiki mbili za kwanza winga wetu hajifunzi kuruka, anajifunza kutua. Anashuka kutoka kwenye kisanduku cha sentimita 30, anatua kwa miguu miwili, na kuganda hapo kwa sekunde mbili. Mwenzake anamrekodi kwa simu kutoka mbele. Wanachotazama ni magoti. Yakiingia ndani na kukaribia kugusana, kazi haijaisha, kwa sababu goti linaloingia ndani wakati wa kutua ni mojawapo ya njia ambazo kano ya ndani ya goti hukatika bila kuguswa na mtu. Magoti yakishabaki juu ya vidole vya miguu, anajaribu kwa mguu mmoja.

Wiki ya tatu anaanza kuruka juu kwa nguvu zote: anajishusha kidogo, anapaa, anatua, anajipanga upya kabla ya kurudia. Anaongeza miruko ya mbele ya mguu kwa mguu, ile mirefu kama ya mtu anayevuka madimbwi. Wiki ya tano, kama kutua kumetulia, anaruka viunzi vidogo vitano mfululizo, vya urefu wa goti au chini ya hapo, akigusa ardhi na kuondoka papo hapo. Hapa sikio linasaidia kuliko jicho. Mguso mfupi unasikika mkavu na mwepesi. Ukisikia kishindo cha unyayo mzima, viunzi ni virefu mno au mchezaji amechoka. Kushuka kutoka juu ya kisanduku na kupaa tena bila kukawia, ambako makocha wa Urusi walikuwa wakikutumia tangu miaka ya 1960, ni hatua ya mwisho, na anayeanza hana haja nako msimu wa kwanza.

Hesabu ya kufuata ni ya mara ambazo mguu unagusa ardhi. Aanze na 40 kwa kipindi, afike 80 mwishoni mwa wiki nane. Zikigawanywa katika mafungu ya tano tano na mapumziko ya dakika moja au mbili, zile 40 za mwanzo zinamalizika ndani ya takriban dakika kumi na tano. Na ipo sheria moja inayozidi hesabu: urefu wa kuruka ukianza kupungua, siku imekwisha, hata kama zimebaki ishirini. Apake chaki kwenye kidole, aruke kando ya ukuta na kuacha alama, ndipo atajua bila kubishana na mtu.

Na ule mchanga wa ufukweni? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha wachezaji walioruka mchangani na walioruka kwenye nyasi kwa wiki nne. Kasi iliongezeka kwa pande zote mbili, na wa mchangani waliumwa misuli kidogo zaidi. Lakini wa kwenye nyasi ndio waliopata faida kubwa zaidi katika kuruka kunakoanza na kujishusha haraka, maana mchanga unameza ile nguvu ambayo kano ingeirudisha. Basi mchanga unafaa mwanzoni mwa maandalizi, au kwa anayerudi kutoka kwenye maumivu. Ligi ikikaribia, hamia kwenye nyasi au udongo ulioshikana. Saruji iepukwe.

Nyama za paja

Jeraha linalomwandama winga kuliko yote ni kuchanika misuli ya nyuma ya paja. Katika klabu kubwa za Ulaya zinazofuatiliwa na watafiti wa UEFA, jeraha hili lilifikia asilimia 24 ya majeraha yote katika msimu wa 2021/22. Mara nyingi hutokea mtu akitimka bila kuguswa. Mguu ukiwa umerushwa mbele na unakaribia kukanyaga, misuli ya nyuma inavutwa kuwa mirefu na wakati huohuo inakaza ili kuuzuia mguu usiende zaidi. Msuli mfupi na dhaifu hapo ndipo unapochanika.

Dawa iliyopimwa vizuri ni zoezi la Nordiki, na halihitaji kifaa. Unapiga magoti juu ya taulo au mkeka, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili kuanzia magotini hadi kichwani unakuwa mstari mmoja, kisha unajiachia kwenda mbele polepole iwezekanavyo, nyuma ya paja ikikuzuia. Ukishindwa kabisa, unapokelewa na mikono, unajisukuma kurudi juu na kuanza tena. Kosa la kawaida ni kuvunja kiuno na kurudisha makalio nyuma. Hapo zoezi linakuwa jepesi na faida inatoweka.

Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya timu 50 zenye wachezaji 942. Karibu nusu ya timu zilifuata programu ya wiki kumi ya zoezi hili, nyingine ziliendelea na mazoezi yao ya kawaida. Waliofanya walipata majeraha 15 ya nyuma ya paja, wasiofanya 52. Waliofaidika zaidi walikuwa wale waliokwisha kuumia hapo nyuma.

Pamoja na matokeo hayo, timu nyingi haziligusi, na sababu ni maumivu. Siku ya pili baada ya kulifanya kwa mara ya kwanza, kuketi kitini ni kazi. Ndiyo maana programu ile ya Denmark inaanza kwa upole: wiki ya kwanza siku moja tu, seti mbili za mara tano; wiki ya pili siku mbili, seti mbili za mara sita. Baadaye inapanda hadi siku tatu kwa wiki na seti tatu, mzigo ambao seremala wetu hana muda nao. Bahati nzuri, utafiti wa Australia wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya wiki mbili za kuanzia, marudio nane tu kwa wiki yalirefusha na kuimarisha msuli karibu sawa na marudio mengi mno. Nane kwa wiki hazina kisingizio.

Pembeni yake kuna ndugu wa zoezi hili, linaloitwa Kopenhageni, kwa ajili ya kinena. Unalala ubavu ukiegemea kiwiko, mwenzako anaushikilia mguu wako wa juu kwenye usawa wa kiuno chake, nawe unapandisha mwili kwa nguvu ya paja la ndani hadi mguu wa chini uukute wa juu. Mwaka 2019 zoezi hili lilijaribiwa kwa timu 35 za wanaume wa nusu kulipwa nchini Norwe, watu wa aina ileile tunaowazungumzia. Hatari ya matatizo ya kinena ilipungua kwa asilimia 41.

Ligi ikianza

Hapa ndipo programu nyingi zinapofia. Mechi zinaanza, mchezaji anasema ataendelea ligi ikisimama, na hadi mzunguko wa pili nguvu zote za maandalizi zimekwisha. Wanorwe walilipima jambo hili kwa wachezaji wa kulipwa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliofanya vyuma mara moja kwa wiki walibaki na nguvu na kasi yao kwa wiki kumi na mbili. Waliofanya mara moja kila baada ya wiki mbili walipungukiwa nguvu za miguu, na muda wao wa mita 40 ukawa mbaya zaidi.

Kwa hiyo mara moja kwa wiki ndiyo sakafu. Mechi ikiwa Jumamosi, winga wetu anafanya vyuma Jumanne: kuchuchumaa seti tatu za mara nne, kuinama seti mbili, kisha Nordiki mara nane. Uchungu wa misuli hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, hivyo kufika Jumamosi umekwisha. Alhamisi, kabla ya mazoezi ya timu, anaruka mara 30 na kutimka mita 30 mara nne au tano kwa kasi yake yote, akipumzika dakika mbili kila mara. Mbio hizo asiziache. Nyuma ya paja isiyokutana na kasi kamili wiki nzima ndiyo inayoshtuka siku ya mechi, na hakuna zoezi la jimu linaloiga kasi hiyo.

Mpango huu una adui mmoja mkubwa: ndondo. Mchezaji anayemaliza mechi ya ligi Jumamosi na kupokea bahasha ya kucheza ndondo Jumapili kwenye uwanja mgumu amekwisha kutumia akiba ya wiki. Fedha hiyo mara nyingi inahitajika, na simlaumu. Ila wiki hiyo afute miruko yote ya Alhamisi na apunguze vyuma kwa nusu. Kulundika yote ni kuitafuta hospitali.

Maumivu yanasema nini

Uchungu wa misuli pande zote mbili, unaokuja kesho yake na kuondoka siku ya tatu, ni wa kawaida. Maumivu ya sehemu moja, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, ni jambo lingine. Anayeruka sana huanza kuumwa chini tu ya kifuniko cha goti, kwenye kano. Mwanzoni yanapotea akipasha misuli, na hapo ndipo anapodanganyika. Kipimo ni asubuhi inayofuata: akishuka ngazi au kuchuchumaa kwa mguu mmoja na maumivu yamezidi ya jana, miruko ilikuwa mingi. Apunguze kwa nusu, aendelee na vyuma vya taratibu, asikae kitandani. Na aliyesikia kitu kikimchoma ghafla nyuma ya paja akitimka asimame palepale. Kumalizia kipindi kunaweza kugeuza wiki mbili za kukaa nje kuwa miezi miwili.

Vilevile, mazoezi haya yana mipaka yake. Hayamkingi mtu na daluga la beki, na hayaziondoi athari za jeraha la zamani ambalo halikupona vizuri, ambalo ndilo kihatarishi kikubwa cha jeraha jipya. Aliyechanika msimu uliopita aanzie chini zaidi na apande polepole zaidi.

Kwa makocha wa timu ndogo nina ombi moja. Msiwape wachezaji miruko kama adhabu ya kuchelewa, na msiiweke mwishoni mwa mazoezi miguu ikiwa imekufa. Wapeni dakika ishirini za Jumanne: miruko mapema, wakiwa wazima, na Nordiki mwishoni, wawili wawili, mmoja akimshika mwenzake vifundo. Haitawagharimu hata shilingi.